Kuchapa kwa oda au kwa ofseti: hesabu ya mwandishi wa Nyanda za Juu Kusini

Mwandishi wa Mbeya au Iringa aliyemaliza muswada wake, na anayetaka nakala za kuuza kanisani, shuleni, kwenye mikutano ya ukoo na katika maduka mawili matatu ya vitabu, kwa kawaida huletewa bei mbili zinazoonekana kupingana. Mchapaji mkubwa wa Dar es Salaam, anayetumia mashine ya ofseti, humwambia kwamba akichapa nakala 1,000, kila moja itamgharimu shilingi elfu nne na ushee. Duka lenye mashine ya dijitali, liwe Mwanjelwa au jirani na chuo mjini Iringa, linalochapa kwa oda, yaani kidogokidogo kadiri nakala zinavyohitajika, humwambia kwamba kila nakala ni shilingi elfu saba, achukue 20 au achukue 200. Akizisoma juu juu ataona bei ya kwanza ndiyo nafuu, na waandishi wengi huishia hapo. Ulinganisho unaofuata unaonyesha bei hizo zimetoka wapi, kwa nini ya pili mara nyingi humfaa zaidi mwenye wasomaji mia mbili au tatu, na ni upungufu gani wa ubora anaoukubali anapoichagua.

Tuchukue kitabu kimoja na tukae nacho hadi mwisho: historia na mila za wilaya ya Rungwe, ukubwa wa A5, kurasa 160, maandishi meusi kwenye karatasi nyeupe ya gramu 80, jalada la rangi lenye lamineshini, mgongo wa gundi. Bei nitakazotumia ni za kukokotolea tu, nimezichagua ziwe nyepesi kujumlisha. Mwenye profoma mkononi aweke tarakimu zake mahali pa hizi, kwa kuwa njia ya hesabu haibadiliki.

Fedha inakoenda

Katika uchapaji wa ofseti gharama kubwa hutangulia kabla ya nakala ya kwanza kutoka. Kurasa hupangwa kwenye karatasi kubwa ambayo ikichapwa pande zote mbili na kukunjwa hutoa mkunjo wa kurasa 16 hivi, kwa hiyo kitabu chetu kina mikunjo 10, na kila upande wa kila mkunjo unahitaji pleti yake ya chuma. Jalada la rangi linahitaji pleti nne peke yake, moja kwa kila wino: samawati, majenta, njano na nyeusi. Zikishafungwa pleti, fundi huendesha mashine huku akisawazisha wino na maji, na karatasi zinazopita wakati huo hutupwa. Kazi hiyo yote hulipwa sawasawa, uwe unataka nakala 50 au 5,000. Tuseme kwa kitabu chetu ni shilingi 1,200,000, na baada ya hapo kila nakala hula karatasi, wino na ujalidi wa shilingi 3,000.

Mashine ya dijitali haina pleti. Faili la PDF huingia upande mmoja na kurasa hutoka upande wa pili zikiwa zimeshapangwa, hivyo nakala ya kwanza na ya mia zina gharama ileile. Mwenye duka hulipia mashine yake kwa kila upande wa karatasi unaopita, na hapo ndipo bei yako inapozaliwa. Kurasa 160 za A5 ni karatasi 40 za A4 zilizochapwa mbele na nyuma, yaani pande 80. Kwa shilingi 40 kila upande tunapata 3,200; karatasi 40 kwa shilingi 30 ni 1,200; jalada ni 1,200; lamineshini, gundi na kukata kingo ni 1,400. Jumla ni shilingi 7,000.

Mchanganuo huo una faida ambayo haionekani katika bei ya jumla: unamwonyesha mwandishi mahali anapoweza kupunguza. Upande wenye mistari mitatu hulipiwa sawa na uliojaa. Mpangaji kurasa akipunguza kidogo nafasi kati ya mistari na kuacha kuanza kila sura kwenye ukurasa wa kulia, kurasa 160 zinaweza kuwa 144, na kila nakala ikapungua shilingi 440 bila jicho la msomaji kuumia. Kwa ofseti upunguzaji wa namna hiyo una maana pale tu unapoondoa mkunjo mzima wa kurasa 16, na kinyume chake ni kweli pia: kitabu cha kurasa 163 hulipiwa mkunjo wa kumi na moja kwa ajili ya kurasa tatu.

Sasa tuziweke bei hizo bega kwa bega.

| Nakala | Ofseti, kila nakala | Dijitali, kila nakala |
|---|---|---|
| 50 | 27,000 | 7,000 |
| 100 | 15,000 | 7,000 |
| 300 | 7,000 | 7,000 |
| 500 | 5,400 | 7,000 |
| 1,000 | 4,200 | 7,000 |

Njia zote mbili zinakutana kwenye nakala 300, kwa kuwa pleti za shilingi 1,200,000 hugawanywa kwa tofauti ya shilingi 4,000 iliyopo kati ya 7,000 na 3,000. Chini ya hapo dijitali ni rahisi, juu ya hapo ofseti ni rahisi. Hesabu hii ndiyo inayotajwa na kila mchapaji, na ni sahihi, lakini inadhani kwamba kila kilichochapwa kimeuzwa.

Mwandishi wetu akivutwa na bei ya 4,200 akachapa nakala 1,000, amekwisha kulipa shilingi 4,200,000 kabla ya kuuza hata kimoja. Akiuza nakala 220 katika miaka miwili, idadi ambayo kwa kitabu cha historia ya wilaya moja ni ya kuridhisha, kila nakala iliyouzwa imemgharimu zaidi ya shilingi 19,000. Kama aliiuza 15,000 mkononi, amekusanya 3,300,000 na bado anadai 900,000 kutoka kwenye maboksi yaliyo chini ya kitanda. Angechapa 220 hizo kidogokidogo kwa dijitali, angelipa 1,540,000 na kubaki na 1,760,000. Ili nakala 1,000 za ofseti zimgharimu sawa na dijitali kwa kila inayouzwa, lazima auze 600, kwa kuwa 4,200,000 ukigawa kwa 7,000 unapata 600. Kwa hiyo swali la kumuuliza mwandishi ni kama anawafahamu, kwa majina au kwa shule na sharika zao, watu 600 watakaonunua. Asipoweza kuwaorodhesha, bei ya 4,200 si yake.

Yapo pia mambo yanayoipunguza faida ya dijitali, na si haki kuyaficha. Duka la vitabu huomba punguzo, na likichukua asilimia 35 ya bei ya 15,000, mwandishi hubaki na 9,750, ambayo ukitoa 7,000 ni 2,750 tu kabla ya nauli ya kupeleka vitabu. Kwa bei ya juu ya kila nakala, maduka hayamlipi mwandishi wa dijitali sana. Anayemlipa ni msomaji anayenunua mkononi. Mwenye kutegemea maduka tu ama apandishe bei ya kitabu, ama akubali kwamba maduka ni ya kujitangaza.

Ghala lina hesabu yake. Tukuyu na Kyela ni miongoni mwa maeneo yenye mvua nyingi zaidi nchini, na boksi la vitabu lililowekwa kwenye sakafu ya saruji kuanzia Desemba hadi Mei hufyonza unyevu kutoka chini: kurasa hujikunja mawimbi, jalada huanza kuachia lamineshini pembeni, na madoa ya ukungu hujitokeza kwenye kingo. Mwenye nakala 40 huziweka kabatini. Mwenye 800 anahitaji chaga za mbao, nailoni na chumba. Halafu kuna makosa ya ndani. Historia ya wilaya haikosi mzee atakayesoma na kusema kwamba jina la chifu fulani limeandikwa vibaya au mwaka wa kuhamia kijiji umekosewa; aliyechapa kwa oda husahihisha faili na mafungu yajayo hutoka sahihi, ilhali aliyechapa 1,000 hugawa karatasi ya masahihisho pamoja na kila kitabu.

Ubora: mipaka na namna ya kuitambua

Watu husema kitabu cha dijitali ni hafifu, kisha hawaelezi hafifu kwa lipi. Maandishi meusi kwenye karatasi ya kawaida hayana tatizo. Msomaji wa kawaida hawezi kuyatofautisha na ya ofseti. Udhaifu uko mahali pengine, na wa kwanza ni mwelekeo wa nyuzi za karatasi, jambo ambalo wenye maduka madogo wengi hawalizingatii.

Karatasi ina nyuzi zinazolala upande mmoja, na hukunjika kwa urahisi sambamba na nyuzi hizo. Kitabu kizuri kina nyuzi zinazokwenda sambamba na mgongo. Karatasi ya A4 ya rimu za kawaida ina nyuzi zinazofuata urefu wake. Ukiikata katikati kupata A5, nyuzi hugeuka zikawa zinakatiza mgongo. Kitabu hicho hukataa kulala wazi mezani, kurasa husimama kama zimewekwa wanga, na unyevu ukiongezeka upande wa gundi huvimba mawimbi. Dawa yake ni kuchapa kurasa nne za A5 kwa kila upande kwenye karatasi ya A3 ambayo nyuzi zake zinafuata urefu, kwa kuwa ikikatwa mara mbili nyuzi hurudi kuwa sambamba na mgongo. Muulize mwenye duka kama mashine yake inapitisha A3. Jibu lake litakueleza mengi kuhusu kitabu utakachopata, hata kabla hujaona sampuli.

Wa pili ni gundi. Maduka mengi hutumia gundi ya moto ya punje, ambayo ikipoa hukakamaa, na kwenye baridi kali huwa kavu zaidi na kuvunjika. Asubuhi ya Julai kule Makete au Njombe si mahali pa kukijaribu kitabu kwa mara ya kwanza mbele ya mnunuzi. Upande wa pili, kifurushi kilichosafiri kwenye buti la basi kutoka Dar es Salaam kupitia joto la Morogoro kinaweza kufika na migongo iliyolainika na kupinda kwa kulaliwa na mizigo mingine. Jaribio ni rahisi: chukua sampuli, ifungue katikati hadi majalada yagusane nyuma, kisha shika ukurasa mmoja na uvute kwa nguvu ya kiasi. Ukisikia mlio wa kuvunjika na kuona mstari mweupe wa gundi ukipasuka, kitabu hicho kitapoteza kurasa mwaka wa kwanza. Mara nyingi kosa si gundi yenyewe bali mgongo ambao haukukwanguliwa kabla ya kupakwa, hivyo gundi imekaa juu ya karatasi bila kuingia kati ya nyuzi. Ipo gundi ya aina nyingine, ya poliurethani, inayoshika vizuri zaidi na kuvumilia baridi na joto, lakini mashine yake ni ghali na maduka madogo hayanayo. Kwa kitabu cha nyimbo au cha sala kitakachofunguliwa kila siku, ningeulizia mchapaji mwenye kushona kwa uzi, hata kama bei inapanda.

Wa tatu ni tona, wino wa unga wa mashine ya dijitali. Wino wa ofseti huingia kwenye karatasi, tona huyeyushwa na kugandishwa juu yake. Ndiyo maana eneo kubwa jeusi kwenye jalada hutoka na mikanda, na kwenye mkunjo wa mgongo rangi hupasuka ikaonekana nyeupe chini yake. Lamineshini hupunguza tatizo hilo, na kuchora mistari ya mkunjo kabla ya kukunja hupunguza zaidi. Karatasi iliyonyonya unyevu msimu wa mvua huzuia tona isishike sawasawa: pitisha kidole kwa nguvu juu ya maandishi ya sampuli, na kikitoka cheusi, rudisha. Rangi za jalada pia hutofautiana kidogo kati ya fungu la Machi na fungu la Septemba, na hilo halina tiba kamili. Mwandishi mwenye busara huepuka jalada linalotegemea rangi moja halisi, na hubaki na nakala moja iliyosainiwa na mwenye duka kama kipimo cha mafungu yote yajayo.

Picha za zamani ndizo zinazoumia zaidi. Picha ya mwaka 1950 na kitu, nyeusi na nyeupe, ikichapwa kwa tona kwenye karatasi ya gramu 80 hupoteza vivuli vya kati, na nyuso huwa doa. Mwandishi huweza kuokoa sehemu kubwa kwa kuiskani kwa nukta 300 kwa inchi katika ukubwa itakaochapwa, kuiongezea mwanga kidogo kuliko inavyopendeza kwenye skrini, na kuituma kama dokumenti badala ya picha ya kawaida ya WhatsApp, ambayo hubanwa na kupoteza maelezo njiani. Kama picha ni nyingi na ndizo kiini cha kitabu, dijitali ya rangi nyeusi haikufai.

Oda ya nakala mojamoja kupitia Amazon

Kuchapa kwa oda kwa maana kamili ni kitabu kuchapwa baada ya mnunuzi kulipa, nakala moja, bila mwandishi kugusa chochote. Huduma inayojulikana zaidi ni KDP ya Amazon. Kwa viwango ilivyotangaza mwaka 2023 kwa soko la Marekani, kitabu cheusi cha ukubwa wa kawaida chenye kurasa 110 au zaidi hugharimu dola 1.00 pamoja na senti 1.2 kwa kila ukurasa. Kitabu chetu cha kurasa 160 kingegharimu dola 2.92 kuchapa, na gharama hiyo hukatwa kwenye mauzo, si mfukoni mwa mwandishi.

Ila dola 2.92 ni bei ya kitabu kilichoko kiwandani ng'ambo. Amazon haina duka wala kiwanda Tanzania, kwa hiyo mwandishi wa Mbeya akiagiza nakala zake 30 hulipia usafirishaji wa kimataifa na huweza kudaiwa ushuru, na unafuu wote huyeyuka. Mapato ya mauzo ya Marekani nayo hukatwa kodi ya asilimia 30 kwa kuwa Tanzania haina mkataba wa kodi na nchi hiyo. Pia Amazon ina orodha ya lugha inazozikubali, na anayeandika kwa Kiswahili au Kinyakyusa aisome kabla ya kulipia mpangaji kurasa. Ninaiona njia hii ifaayo kwa jambo moja: kuwafikia Watanzania walio ughaibuni na watafiti wa vyuo vya nje, ambao duka la Mwanjelwa haliwafikii.

Anayetaka kutumia njia zote mbili asitumie faili moja la jalada. Upana wa mgongo hutokana na unene wa karatasi: karatasi nyeupe ya KDP hutoa milimita 9.2 hivi kwa kurasa 160, ile ya krimu milimita 10.2, na karatasi ya gramu 80 ya duka la mjini hutoa karibu 8. Tofauti ya milimita mbili inatosha kuhamisha jina la kitabu kutoka mgongoni hadi ukingoni mwa jalada la mbele. Namba ya ISBN, inayotolewa nchini na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, ichukuliwe kwa jina la mwandishi mwenyewe, na faili la mwisho la PDF libaki mikononi mwake; nimeona duka likimtoza mteja upya kwa kazi ya mpangilio aliyokwisha kuilipia, kwa sababu tu faili lilikuwa kwenye kompyuta yao.

Pale ofseti inaposhinda

Ipo hali ambayo sitamshauri mtu achape kwa oda. Kitabu cha ziada kilichokubaliwa na shule kadhaa, au cha mafundisho kilichoagizwa na dayosisi nzima kwa barua yenye idadi, kina wanunuzi wake tayari, na hapo shilingi 4,200 kwa kila nakala ni fedha halisi. Kitabu cha watoto chenye picha za rangi kila ukurasa nacho kina hesabu tofauti: upande wa rangi kwenye dijitali hulipiwa mara kadhaa ya upande mweusi, kwa hiyo mahali bei zinapokutana hushuka sana, na ofseti huanza kushinda mapema. Wachapaji wa Dar es Salaam hutoa makadirio bila malipo. Omba ya nakala 300, 500 na 1,000 kwa pamoja, kisha toa bei ya jumla ya 300 kwenye ile ya 500 na ugawe kwa 200. Unachopata ni gharama halisi ya kila nakala inayoongezeka. Zidisha gharama hiyo kwa 300, toa jibu kwenye bei ya jumla ya nakala 300, na kilichobaki ni gharama ya pleti na matayarisho, ambayo mchapaji huwa haiandiki kwenye profoma.

Karatasi yenyewe, kwa njia zote mbili, bei yake hupanda na kushuka bila kumshauri mwandishi. Mgololo iko hapo Mufindi, lakini kiwanda chake leo kinajulikana kwa karatasi za vifungashio, si za vitabu. Karatasi nyeupe huja kutoka nje na hufuata bei ya dola. Mwandishi wa dijitali huliona badiliko hilo fungu kwa fungu, kwa hiyo aulize mapema kwa maandishi kama bei ya nakala 50 za sasa itadumu kwa 50 zijazo, na kwa muda gani.